Sekunde Kumi na Saba kwa Hatua

Mchezaji wa sataranji amefika hatua ya 34. Kwa masharti ya mashindano, hatua 40 za kwanza zinapaswa kukamilika ndani ya saa mbili, na saa yake inaonyesha kuwa amebakiwa na dakika mbili. Hakuna sekunde zinazoongezwa. Kutoka hatua ya 34 hadi ya 40 kuna hatua saba, na sekunde 120 zikigawanywa kwa saba ni takriban sekunde 17 kwa kila moja. Ndani ya sekunde hizo 17 anatakiwa kuitazama hatua ya mpinzani, kuamua, kusogeza kete na kubonyeza saa. Akifika hatua ya 40 ataongezewa muda mwingine na ataweza kuvuta pumzi. Akichelewa kwa sekunde moja ameshindwa, hata kama kwenye ubao ana malkia wa ziada.

Hali hii ndiyo wachezaji wanayoiita kubanwa na saa. Saa ya sataranji ni saa mbili ndani ya kasha moja: ukishacheza unabonyeza upande wako, muda wako unasimama na wa mpinzani unaanza kwenda. Kwenye saa za zamani za mishale kulikuwa na kibendera chekundu kilichoinuliwa na mshale wa dakika ulipokaribia saa kamili, kisha kikaanguka muda ulipokwisha. Leo saa ni za kidijitali, lakini wachezaji bado husema bendera imeanguka. Katika mashindano mengi ya siku hizi huongezwa sekunde kadhaa baada ya kila hatua, mara nyingi 30. Utaratibu huo ulibuniwa na Bobby Fischer, bingwa wa dunia kutoka Marekani, aliyeombea hataza saa ya namna hiyo mwaka 1988. Umepunguza vurugu za dakika za mwisho, ila haujaziondoa, kwa sababu mashindano mengine, yakiwemo ya ubingwa wa dunia ya miaka ya karibuni, huanza kutoa nyongeza baada tu ya hatua ya 40 au ya 60.

Turudi kwa mchezaji wetu wa hatua ya 34. Tuseme anacheza na nyeupe na ana askari mmoja wa ziada. Askofu wake yuko d3, farasi f3, malkia d1, na askari wake wa e5 amemfukuza farasi aliyekuwa akimlinda mfalme mweusi. Mfalme huyo yuko g8, mbele yake askari watatu wa f7, g7 na h7. Yeyote aliyekaa na vitabu vya sataranji anaijua picha hii. Askofu anamla askari wa h7 na kumpa mfalme shaha, anajitoa mhanga. Mfalme akimla askofu, farasi anaruka g5 na kutoa shaha nyingine, na njia ya malkia kuelekea h5 inafunguka. Ni shambulio la kale, na linapofaulu mchezo huisha haraka.

Shida ni kuhakikisha kwamba linafaulu katika mchezo huu. Baada ya farasi kutua g5, mfalme mweusi ana njia kuu tatu. Akirudi g8, malkia anakwenda h5 na kutishia kumfunga mfalme kwenye h7, na hapo hesabu si ngumu. Akienda h6, itategemea askofu wa pili wa nyeupe yuko wapi na kama mstari wake umefunguka. Lakini akipanda g6, akasimama uwanjani mbele ya askari wake mwenyewe, mambo yanakuwa mazito. Nyeupe anaweza kumleta malkia g4 au d3, anaweza kumsukuma askari wa h, na kila mojawapo lina majibu yake, hasa askari mweusi wa f akisogea hadi f5. Mara nyingi tawi la g6 ndilo linaloamua kama kumtoa askofu kulikuwa ushindi au kulikuwa kumgawa bure. Mchezaji mzuri mwenye dakika 20 atalipitia tawi hilo hadi mwisho, na programu ya kompyuta italimaliza kufumba na kufumbua. Mchezaji wetu ana sekunde 17.

Tuseme ana uwezo wa kulihesabu kwa sekunde 80. Atabakiwa na sekunde 40 kwa hatua sita zilizosalia, yaani chini ya sekunde saba kwa kila moja, tena katikati ya shambulio ambalo kila hatua yake inadai usahihi. Hiyo ndiyo bei halisi ya hatua bora, na kompyuta haiionyeshi. Kompyuta inaipima hatua kana kwamba hatua zitakazofuata zitachezwa bila kosa hata moja. Binadamu aliyebanwa na saa hana budi kujiuliza swali la ziada: baada ya hatua hii, nitahitaji kupatia mara ngapi mfululizo, na nina muda gani wa kila mara?

Sasa tazama hatua nyingine kwenye ubao uleule. Ngome inakwenda e1. Inamlinda askari wa e5, haiachi kete yoyote bila ulinzi, haifungui njia yoyote ya kumfikia mfalme wa nyeupe, na kuikagua kunachukua sekunde kumi. Mpinzani pengine atamsogeza askari wa h hadi h6, mraba wa g5 utakuwa umelindwa, na shambulio zuri litakuwa limekwisha kabla halijaanza. Ni hasara ya kweli, na mchezaji aikubali akijua kuwa ni hasara. Nafasi iliyokuwa ya ushindi wa haraka imegeuka nafasi ya kuwa mbele kwa askari mmoja. Lakini huyo askari wa ziada bado yupo, sekunde zaidi ya 100 bado zipo, na hatua sita zinazofuata hazidai miujiza.

Mimi ningecheza ngome e1. Nasema hivyo nikijua kwamba mtu atakayeupitia mchezo huo nyumbani kwa kompyuta ataiwekea hatua hiyo alama ya kuuliza. Alama hiyo ni sahihi kama tunazungumzia ubao peke yake. Mchezo wenyewe una ubao na saa, na matokeo huandikwa kwa vyote viwili.

Kuna jambo linalowapoteza wengi hapa, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Watu wakisikia hatua salama hufikiria kubadilishana kete. Uondoe malkia, uondoe ngome, ubao ubaki mweupe, na ubao ukiwa mweupe hakuna cha kuogopa. Mara nyingi ni kweli, hasa ukiwa na kete nzima ya ziada. Lakini kubadilishana ni hatua isiyorudi nyuma. Ngome iliyokwenda e1 leo inaweza kurudi kesho ikionekana ilikosea. Ngome iliyoliwa imeondoka. Na kadiri kete zinavyopungua, ndivyo mfalme na askari wanavyozidi kuwa na uzito, hadi mchezo unafika mahali ambapo mraba mmoja tu ndio tofauti kati ya sare na kushindwa. Mtu anayedhani ameingia bandarini anakuta ameingia kwenye hesabu kali kuliko aliyoikimbia.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea Singapuri tarehe 12 Desemba 2024, na dunia nzima ya sataranji ilikuwa ikitazama. Ding Liren wa China, bingwa wa dunia, alikuwa akimkabili Gukesh Dommaraju, kijana wa miaka 18 kutoka India, katika mchezo wa 14 na wa mwisho wa pambano lao. Kila mmoja alikuwa na pointi sita na nusu. Ding alicheza na nyeupe. Sare ingelipeleka pambano kwenye michezo ya muda mfupi siku iliyofuata, na Ding hakuwa na sababu ya kuikataa. Katika pambano hilo kila mchezaji alipewa dakika 120 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30 kwa hatua zote zilizosalia, pamoja na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua kuanzia ya 41.

Mchezo ulivuka hatua ya 50. Kila upande ulikuwa na mfalme, ngome na askofu, na maaskofu wote wawili walitembea kwenye miraba myeupe. Gukesh alikuwa na askari wawili, Ding mmoja, wote upande mmoja wa ubao. Aliyesoma sehemu ya mwisho ya sataranji anajua kwamba nafasi ya namna hiyo ni sare mtetezi akicheza sawasawa. Anachotakiwa kufanya ni kuvumilia: azungushe ngome, amweke askofu mahali anapopumua, amwachie mpinzani atafute njia ambayo haipo. Gukesh aliendelea kujaribu, kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza, na alikuwa na muda mwingi zaidi kwenye saa yake. Ding alikuwa na kama dakika kumi pamoja na zile sekunde 30 za kila hatua, baada ya saa kadhaa za kukaa kitini na wiki karibu tatu za pambano.

Hatua ya 55, Ding aliipeleka ngome yake f2, akampa Gukesh nafasi ya kubadilishana ngome. Kwa jicho la mtu aliyechoka ilionekana kama kufunga mlango. Ngome zikiondoka watabaki maaskofu na askari watatu kwa jumla, na mwisho wa maaskofu kwa idadi hiyo ni rahisi kuutetea kuliko ule wenye ngome.

Ila askofu wa Ding alikuwa a8, pembeni kabisa mwa ubao. Askofu aliye pembeni ana njia moja tu ya kutokea, ule mshazari unaoanzia a8 na kupita b7, c6, d5 na kuendelea. Gukesh aliila ngome, mfalme wa Ding akaila ngome ya Gukesh kwenye f2, kisha Gukesh akampeleka askofu wake d5, katikati ya njia ile. Sasa askofu mweusi alikuwa akimtazama mwenzake uso kwa uso. Ding angemsogeza b7, analiwa. Angemsogeza c6, analiwa. Angemwacha palepale, analiwa vilevile. Hakuwa na mraba wa kukimbilia, na kwa hiyo maaskofu nao lazima wabadilishane. Askofu wa nyeupe alikula d5, mfalme wa Gukesh akala d5, na ubaoni wakabaki wafalme wawili na askari watatu.

Mwisho wa askari watupu hauna siri. Unaweza kuhesabiwa hadi mwisho. Ding alimpeleka mfalme e3, Gukesh akampeleka wake e5. Wafalme wakawa wanatazamana, mraba mmoja katikati yao, na zamu ilikuwa ya Ding. Anayelazimika kusogea katika mkao huo ndiye anayempisha mwenzake. Mfalme mweusi angepenya, askari wake mmoja angekuwa malkia. Ding alikubali kushindwa baada ya hatua ya 58, na Gukesh akawa bingwa kwa pointi saba na nusu kwa sita na nusu, bingwa wa dunia asiyepingwa mwenye umri mdogo kuliko wote waliomtangulia. Baadaye Ding alieleza kwamba aligundua kosa lake alipouona uso wa mpinzani ukibadilika.

Wengi wamelisimulia tukio hilo kama kosa la bahati mbaya la mtu aliyechoka. Mimi naliona kama kosa lenye mantiki yake, na ndiyo maana linafundisha. Ding hakutafuta hatua ya kishujaa. Alitafuta usalama, na akauchukua ule unaoonekana haraka zaidi, wa kupunguza kete. Hatua salama kwa maana halisi ilikuwa kuigusa ngome kidogo na kuibakiza ubaoni, au kumtoa askofu pembeni. Hatua ya namna hiyo isingetatua chochote, isingemaliza mchezo, na ingemwacha na kazi ileile ya kutetea. Mtu aliyechoka huichoka hali hiyo ya kutomaliza. Ukibanwa na saa unatamani jambo liishe, na tamaa hiyo ya kumaliza ni adui mkubwa kuliko hata zile sekunde.

Kwa hiyo mtu atatambuaje hatua iliyo salama kweli, kwa sekunde 15? Anayecheza kwa mazoea mazuri huanza kwa mpinzani. Kabla ya kufikiria anachokitaka yeye, anauliza hatua iliyochezwa sasa hivi inatishia nini: kuna shaha, kuna kete yangu inayoweza kuliwa, kuna tishio la kunifunga? Jicho lililozoea hulimaliza hilo kwa sekunde tatu au nne. Kisha anapata hatua mbili, si tano, zinazomjia akilini. Anachagua ile ambayo baada yake kete zake zote zina ulinzi na mfalme wake ana hewa. Mwisho, kabla mkono haujagusa kete, anatazama mara moja shaha zote ambazo mpinzani atakuwa nazo baada ya hatua hiyo. Kugusa kuna uzito: sheria inasema kete uliyoigusa kwa nia ya kuichezesha lazima uichezeshe, na mikono ya haraka imewaponza wengi. Hata hatua isiyo halali ina bei. Katika mchezo wa muda mrefu, hatua ya kwanza ya namna hiyo humpa mpinzani dakika mbili za ziada, na ya pili hukupotezea mchezo.

Maandalizi ya usalama huo hufanyika kabla dakika hazijawa mbili. Mchezaji anayejua anaelekea kubanwa huanza kuzikusanya kete zake zilindane akiwa bado na dakika kumi, na humfungulia mfalme kijidirisha kwa kumsogeza askari wa h mraba mmoja. Kete isiyolindwa inayosimama peke yake upande wa pili wa ubao ndiyo hasa huliwa katika dakika ya mwisho, kwa shaha moja inayomgusa mfalme na kete hiyo kwa pamoja. Ukiwa na dakika 40 unaweza kuishi na kete ya namna hiyo kwa kuwa unaikumbuka. Ukiwa na sekunde 40 utaisahau.

Nyongeza ya sekunde 30 hubadilisha hesabu kwa njia ambayo wengi hawaitumii. Ukicheza hatua tatu zilizo wazi kwa sekunde kumi kila moja, unakuwa umeongeza dakika nzima kwenye akiba yako. Hatua salama hapo si za kujikinga tu. Zinanunua muda wa kuhesabu hatua moja nzito itakayokuja. Pasipo nyongeza, kuna njia nyingine ya kuisogelea hatua ya 40. Kama una malkia anayeweza kumpa mfalme shaha upande huu na upande ule, mpe, rudi ulikotoka, na umekwishapita hatua mbili bila kubadilisha chochote. Hesabu tu mkao umejirudia mara ngapi, kwa sababu ukitokea mara ya tatu na zamu ikiwa ya mtu yuleyule, mpinzani anaweza kudai sare. Mara mbili zinatosha.

Jambo lingine ambalo mchezaji wa kawaida halifahamu linahusu bendera yenyewe. Tumezoea kusema muda ukiisha umeshindwa. Sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, zina pango ndani yake: kama mpinzani hana uwezo wa kumfunga mfalme wako kwa mfululizo wowote wa hatua halali, basi muda wako ukiisha matokeo ni sare. Mfalme aliyebaki peke yake hawezi kumfunga mtu. Mfalme mwenye askari mmoja anaweza, kwa sababu askari huyo anaweza kugeuka malkia.

Fikiria basi mchezo wa muda mfupi usio na nyongeza. Una ngome na askari aliyesogea mbali, mpinzani ana mfalme na askari mmoja tu aliye a3, na una sekunde 12. Unaona namna ya kuanza kumsukuma askari wako na kumbana mfalme wake, na pengine ni njia ya haraka zaidi kwa idadi ya hatua. Unaona pia kwamba ngome inaweza kumla yule askari wa a3 sasa hivi. Mle. Utapoteza hatua moja au mbili katika kukimbilia ushindi, lakini tangu sekunde hiyo huwezi tena kushindwa. Ukimfunga mfalme kabla ya sekunde kuisha, umeshinda. Zikiisha kabla, ni sare. Ukimwacha askari huyo na bendera ikaanguka, umepoteza mchezo wote ukiwa na ngome ya ziada. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa hatua ambayo ubaoni ni ya pili kwa ubora, na mchezoni ni ya kwanza.

Nisieleweke kwamba saa ikibana mtu acheze kwa woga. Kuna mikao ambayo hatua salama haimo. Mpinzani akiwa tayari na kete nne zimemzunguka mfalme wako, hatua ya kusubiri ni hatua ya kufa, na mara nyingi kuna jibu moja tu linalookoa. Dalili yake ni kwamba ukijiuliza mpinzani angefanya nini kama ungepita zamu, unaona shaha inayofuatwa na shaha nyingine. Hapo zitumie hizo sekunde 60 zote ikibidi, kwa sababu hakuna faida ya kuzitunza kwa ajili ya mchezo utakaokuwa umekwisha. Vilevile ukiwa umeshapoteza kete na nafasi ni mbaya, usalama ni kumpa mpinzani njia laini ya ushindi. Fanya ubao uwe na maswali, hata kama kompyuta itasema umezidi kujiharibia, kwa kuwa yeye naye ana saa inayokwenda.

Hilo la saa ya mpinzani lina mtego wake. Akiwa na sekunde 30 na wewe una dakika nane, mkono unataka kucheza haraka ili asipate kufikiri wakati wako. Ukifanya hivyo umejiingiza mwenyewe kwenye shida yake. Una dakika nane. Tumia mbili kutafuta hatua inayomlazimisha kuchagua kati ya majibu mawili au matatu yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa matokeo. Kwa mtu mwenye sekunde 30, kuchagua ni kugumu kuliko kujibu hatua inayolazimisha. Shaha yenye jibu moja humsaidia, maana huicheza bila kufikiri na kusogea hatua moja kuelekea ya 40.

Kisha hatua ya 40 inafika, na hapo ndipo wengi huanguka baada ya kunusurika. Kama hakuna nyongeza ya sekunde 30, sheria humruhusu mwenye chini ya dakika tano kuacha kuandika hatua zake, na kwa hiyo wachezaji wawili wanaweza kuwa wanakimbia bila yeyote kujua kwa hakika wamefika ya ngapi. Wengine hucheza ya 41 na ya 42 kwa kasi ileile, kwa tahadhari, na katika hatua hizo mbili zisizohitajika wanaharibu nafasi waliyoilinda kwa dakika kumi. Bendera ikishaanguka na mwamuzi akathibitisha kwamba hatua zimetimia, jaza karatasi yako ya hatua moja baada ya nyingine hadi ilingane na ubao. Inuka, kanywe maji. Muda mpya umeshaanza kuhesabiwa, lakini dakika tano ukitumia kuutazama ubao kana kwamba umeukuta leo, utaona kama ngome ile iliyokwenda e1 kwa haraka bado inapaswa kukaa e1.